Krosheya yangu inapotea kwa majani ya Ancient, nisaidieni kabla ya Jumamosi

Otis_Kondele: Wasee habari, nacheza Counter-Strike 2 kwa saiba hapa Kondele na Jumamosi kuna mashindano, shida yangu ni krosheya. Ni ile ya kijani niliyoikuta. Nikiingia ramani ya Ancient kwenye kuta zenye ukoka na majani siioni kabisa, mpaka nitingishe mausi ndio nijue iko wapi, na hapo nimeshapigwa. Nimeweka nyekundu ikawa mbaya zaidi. Nifanye nini? Nimeshalipa dipositi ya elfu mbili ya monita ya hezi 144, nadhani itasaidia.

Sniper_wa_Bungoma: Weka samawati na uache kulia. Wakali wengi wanaitumia, haifanani na kitu chochote kwenye ramani.

Nyar_Ahero: Mimi kwa PUBG ya simu nilikuwa nashindwa hivyo hivyo, kumbe mwangaza wa skrini ulikuwa chini. Ndugu yangu alinicheka wiki nzima. Ongeza mwangaza.

Jaduong_Kakamega: Vijana, elfu mbili ni pesa ya karo. Hayo mashindano yanalipa nini?

Fundi_Nax: Otis, hezi hazibadilishi rangi, zinafanya tu picha iende laini, kwa hivyo hiyo dipositi usiongezee kitu kwanza. Lakini kuna kitu hakinikai. Nyekundu juu ya majani inafaa ionekane haraka sana. Wewe unasema ikawa mbaya zaidi. Nyanya mbivu na mbichi unazitofautisha ukiwa mbali?

Otis_Kondele: Sijui hiyo inahusiana vipi na gemu.

Fundi_Nax: Inahusiana sana, nijibu tu.

Otis_Kondele: Sawa. Nachanganya. Tangu shule ya msingi. Sikutaka kusema kwa sababu nasomea waya za umeme na nikionekana naweza kuondolewa, lakini waya zangu napima na testa, sijawahi kukosea. Ndio maana nataka monita, nimeambiwa ina rangi kali.

Sniper_wa_Bungoma: Hapo umejichoma omera. Mtu asiyeona kijani ameanzaje kusema krosheya ni ya kijani inapotea kwa majani? Hadithi hii umetunga upate lipulai.

Otis_Kondele: Menyu imeandikwa Green bana! Na majani kila mtu tangu utotoni ananiambia ni ya kijani. Naona rangi, sema tu kijani, kahawia na nyekundu zinakaribiana sana, mimi si kipofu.

Fundi_Nax: Mwacheni, ndivyo inavyokuwa. Mtu anajifunza majina kwa vitu, halafu inamlemea pale kitu kimoja kimekaa juu ya kingine na hakuna jina la kumsaidia. Sniper, samawati yako ni nzuri kwangu na kwako, ila kwa mtu wa aina hii samawati yenye kijani ndani inaweza kugeuka kama kijivu, na Ancient imejaa mawe ya kijivu. Manjano na bluu ndizo zinabaki mbali kwake. Bluu yenyewe ni nzito, kwenye giza inazama, kwa hivyo ningeanza na manjano.

Lakini manjano peke yake itakufa Dust2 kwa ule mchanga. Kinachokuokoa ni ukingo mweusi. Ukuta ukiwa mweupe unaona ule weusi, ukiwa mweusi unaona manjano, yaani moja lazima ibaki. Washa konsoli kwenye setingi za Game, andika hivi:

```
cl_crosshairstyle 4
cl_crosshaircolor 5
cl_crosshaircolor_r 255
cl_crosshaircolor_g 255
cl_crosshaircolor_b 0
cl_crosshairalpha 255
cl_crosshair_drawoutline 1
cl_crosshair_outlinethickness 1
```

Hiyo 4 inaizuia kupanuka ukitembea, na alpha ikiwa 255 ukuta hauonekani ndani yake. Kisha piga picha ya skrini ukiwa umeilenga kwa majani, nyingine kwa mchanga, utoe rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Krosheya ikipotea kwenye hiyo picha ujue ulikuwa unategemea rangi tu.

Nyar_Ahero: Kwa simu hiyo konsoli iko wapi?

Fundi_Nax: Haipo dada, hiyo ni ya kompyuta.

Otis_Kondele: Nimerudi kutoka saiba. Ancient sasa naiona bila kutingisha mausi, walahi. Picha nimezitoa rangi, kwa mchanga wa Dust2 manjano imefifia kweli lakini ule mstari mweusi umebaki, ila ni mwembamba, nikikimbia naupoteza. Nikiweka ukingo 2 unaniziba kichwa cha mtu wa mbali.

Fundi_Nax: Rudisha ukingo 1, fungua katikati kidogo. Kama `cl_crosshairgap` iko -3 weka -1, kichwa kikae kwenye uwazi. Na mistari yenyewe inenepe kidogo, jaribu `cl_crosshairthickness 1.5`.

Sniper_wa_Bungoma: Bado sijaamini ya nyanya, lakini nimewasha ukingo mweusi kwangu na ni kweli kwa mchanga inaonekana.

Jaduong_Kakamega: Kijana, mwalimu wako wa waya umwambie. Testa haikuonyeshi waya gani ni wa ardhi.

Otis_Kondele: Mzee nimekusikia, hilo nalifikiria. Wa ardhi una mistari ya rangi mbili, huo naujua. Dipositi nimeenda kuuliza kama inarudi, wameniambia nije Jumatatu.