PAYE ya miezi minane haijapelekwa KRA: nijitokeze kwa barua, nikope, au nilipe kimya kimya?

Nahodha_Tudor
Jamani, nina kampuni ndogo ya malori hapa Mombasa, wafanyakazi 14. Mwaka jana wateja wawili wakubwa walinichelewesha malipo, nikawa mishahara nalipa, dizeli nanunua, lakini PAYE niliyokata haikwenda KRA. Ni kuanzia Machi hadi Oktoba 2025, kama 95,000 kila mwezi, jumla 760,000. Novemba na Desemba nimelipa kwa wakati. Mhasibu wangu alituma P10, yaani ritani za PAYE za kila mwezi, za Machi hadi Julai bila kulipa, kisha akaacha kazi. Agosti, Septemba na Oktoba hazikutumwa kabisa.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza, niandike barua, niseme deni lote na niombe kulipa kwa awamu. Ya pili, nikope benki niling'oe lote mara moja. Wamenitajia asilimia 18 kwa mwaka. Ya tatu, nilipe mwezi mmoja mmoja bila kumwambia mtu. Mwezi wa tatu kuna zabuni ya kaunti nataka kuingia, na cheti cha KRA kinahitajika. Mngefanyaje?

Kasuku_wa_Kongowea
Mimi ningesubiri msamaha. Kila baada ya muda serikali hufuta faini na riba, unalipa ushuru wenyewe tu. Jirani yangu alifutiwa karibu nusu milioni. Kwa nini ujipeleke?

Fundi_Vitabu
Kasuku, msamaha ulikuwepo kweli, ila uliisha tarehe 30 Juni 2025, na ulihusu deni la hadi 31 Desemba 2023. Deni la Nahodha ni la 2025, lisingeingia hata mlango ungekuwa wazi bado. Kungoja msamaha ambao haujatangazwa huku riba inatembea ni kucheza bahati nasibu na pesa za wafanyakazi.

Nahodha, kabla ya kuchagua njia, hesabu kwanza, maana deni lako si 760,000. Nimepiga hesabu kana kwamba unaandika barua tarehe 12 Januari 2026.

Kuchelewa kulipa kuna faini ya asilimia 5 ya ushuru, mara moja. Hiyo ni 38,000. Halafu kuna riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na kipande cha mwezi huhesabiwa mwezi mzima. PAYE ya Machi ilitakiwa kufika tarehe 9 Aprili, kwa hiyo leo ina miezi 10 ya riba. Ya Aprili ina 9, inateremka hivyo mpaka ya Oktoba yenye 3. Ukijumlisha unapata miezi 52, kila mmoja 950, yaani 49,400. Mpaka hapo ni 847,400.

Kinachouma ni zile P10 tatu ambazo hazikutumwa. Kutotuma ritani ya PAYE kwa wakati kuna faini yake, asilimia 25 ya ushuru wa mwezi huo au 10,000, ipi iliyo kubwa. Robo ya 95,000 ni 23,750, mara tatu ni 71,250. Deni zima sasa ni 918,650. Tazama basi: faini na riba ya kutolipa miezi minane ni 87,400, na kutotuma karatasi tatu peke yake ni 71,250. Mhasibu wako wa zamani, pamoja na kukuacha njiani, kwa kutuma zile tano aliokoa zaidi ya laki moja.

Nahodha_Tudor
Lahaula. Mimi nilidhani kutuma P10 bila pesa ni kujishtaki, ndiyo maana sikuzituma.

Fundi_Vitabu
Wengi hudhani hivyo. Ni kinyume chake. Usiye na pesa mwezi huu, tuma ritani hivyo hivyo kabla ya tarehe 9.

Mla_Mshahara
Samahani kuingilia. Na sisi tulioajiriwa? Nilipokuwa najaza ritani yangu kabla ya 30 Juni, mfumo haukuonyesha PAYE niliyokatwa miezi minne, ingawa payslipu zote zinaonyesha makato. Je, nitatozwa tena mimi?

Mama_Mizigo_Likoni
Mwanangu, swali lako ni la mfanyakazi, hapa tunaongea ya mwajiri. Lakini weka payslipu zako zote na umdai bosi P9. Pesa iliyokatwa isipelekwe huwa ni deni la mwajiri kwa KRA.

Nahodha, hilo ndilo jibu la njia yako ya tatu. Hakuna kimya. P10 tano ziko kwenye mfumo zikionyesha 475,000 bila malipo, na mwezi wa sita watu wako 14 watajaza ritani zao wakute mashimo. Mimi nilijaribu ukimya mwaka 2022. Nililipa kidogo kidogo, nikijiona mjanja, mpaka asubuhi moja hundi ya mafuta ikarudi. Benki ilikuwa imepokea agizo la KRA la kukamata pesa zilizomo. Deni lenyewe halikuwa kubwa kama aibu ya kumpigia mwenye petroli.

Hesabu_za_Bamburi
Mimi naona mkopo ni bora. Riba ya mkopo wa biashara unaitoa kwenye faida kabla ya ushuru, riba ya KRA huitoi. Na cheti unapata mara moja.

Fundi_Vitabu
Bamburi, cheti umesema kweli: deni likiisha, hakuna la kusubiri. Lakini weka bei pamoja. Benki inamtaka asilimia 1.5 kwa mwezi, na ada ya kuandaa mkopo juu yake. KRA ni asilimia 1, juu ya ushuru wenyewe tu. Faini hazizai riba. Hata ukipunguza ile nafuu ya kodi, tofauti iliyobaki haitoshi kuweka kichwa cha lori dhamana. Sacco ya asilimia 12 kwa mwaka kwa deni linalopungua hapo tungejadiliana.

Na cheti si lazima deni liishe. Sheria inaruhusu kupewa aliyekubaliana na KRA mpango wa kulipa, mradi anaufuata. Hatari ya mpango ni moja kubwa: ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usiahidi unachokitamani, ahidi unachokiweza mwezi ambao wateja hawajalipa.

Nahodha_Tudor
Mwezi mbaya kabisa naweza kutoa laki moja, mbali na PAYE ya mwezi wenyewe. Sasa hivi mkononi nina 160,000.

Fundi_Vitabu
Basi mpango unajichora. Wiki hii, kabla ya barua, tuma P10 tatu zilizobaki, ili tarakimu ya barua na ya iTax ziwe moja. Afisa akikuta tofauti atarudisha ombi lako mwisho wa foleni. Kisha lipa 160,000 kwa ushuru wa Machi na sehemu ya Aprili. Zinabaki 600,000 za ushuru, awamu sita za 100,000, Februari hadi Julai. Riba ya kipindi hicho ni kama 15,000, maana kuruhusiwa kulipa polepole hakusimamishi riba. Agosti na Septemba unamaliza faini na riba zote, 173,650, karibu 87,000 kila mwezi.

Ombi linawekwa kwenye iTax, na barua unaiambatisha. Nakala nyingine peleka kituo chako, igongwe muhuri. Mimi huandika kwa Kiingereza, ila mpangilio ni huu:

> Kuhusu: Malimbikizi ya PAYE, Machi hadi Oktoba 2025, na ombi la kulipa kwa awamu.
>
> Kampuni yetu ilikata PAYE ya jumla ya 760,000 kwenye mishahara ya miezi iliyotajwa na haikuiwasilisha. Ritani za miezi mitano zilitumwa kwa wakati. Za Agosti, Septemba na Oktoba zimetumwa Januari 2026. Kwa hesabu yetu, pamoja na faini na riba hadi leo, deni ni 918,650. Jedwali la kila mwezi limeambatishwa.
>
> Sababu ni kuchelewa kwa malipo ya wateja wawili. Ankara na taarifa za benki zimeambatishwa. PAYE ya Novemba na Desemba imelipwa kwa wakati.
>
> Tumelipa 160,000 leo. Tunaomba kulipa 100,000 kila tarehe 5, Februari hadi Julai 2026, na faini na riba zote zilizobaki kwa awamu mbili, tarehe 5 Agosti na 5 Septemba. PAYE ya kila mwezi itaendelea kulipwa kabla ya tarehe 9.

Tarehe 5 nimeichagua makusudi, isigongane na tarehe 9.

Hesabu_za_Bamburi
Kwenye barua hapo mimi nasimama. "Ilikata na haikuiwasilisha" ni kukiri. Hizo ni pesa za watu, si deni la kawaida. Ningeandika "malipo yalichelewa" nikaishia hapo.

Fundi_Vitabu
P10 yenyewe inasema ulikata. Ukizungusha maneno, afisa anayesoma barua ishirini kwa siku ataona unazungusha.

Hesabu_za_Bamburi
Afisa ni mmoja, faili linabaki miaka. Angalau wakili aipitie kwanza.

Mama_Mizigo_Likoni
Hapo siwezi kuwaamua. Mimi niliandika wazi nikapewa miezi yangu, lakini deni langu lilikuwa dogo. Nahodha, nikuulize: ushuru wa nyumba wa miezi ile mitatu ulilipa?

Nahodha_Tudor
La, mama. Unatoka kwenye P10 hiyo hiyo. Mishahara yote ni kama 700,000, kwa hiyo 21,000 kwa mwezi, yangu na yao.

Mama_Mizigo_Likoni
Nilijua tu. Huo faini yake ni asilimia 3 kila mwezi, mara tatu ya riba ya PAYE. Una 63,000, na faini mpaka sasa 7,560. Ulipe wote kabla ya kugusa Machi, usiuingize kwenye awamu. Na SHIF na NSSF barua hii haizigusi, hizo zina ofisi zake.

Nahodha_Tudor
NSSF na SHIF niko sawa, nilikuwa naziogopa zaidi. Hiyo 70,560 nitaomba chama cha kina mama wa hapa nyumbani, mke wangu ni mweka hazina, Mungu anisaidie. P10 mbili nimeshatuma usiku huu, ya Oktoba inakataa, inasema PIN ya mfanyakazi mmoja si sahihi.

Fundi_Vitabu
Mpigie akutumie cheti chake cha PIN. Herufi ya mwisho mara nyingi ndiyo huwa imekosewa.