Naomba ushauri: losheni ya bei ya chini Kariakoo, nitajuaje kama ni bandia?

MamaDuka_Moro:
Wanajamvi, habari zenu. Nina duka dogo la vipodozi Morogoro na mzigo wangu huuchukua Kariakoo. Kuna losheni ya Kijerumani ya mililita 400 ambayo wakala hunipa kwa shilingi 11,500 kila chupa ninapochukua dazeni. Wiki iliyopita muuzaji mwingine, mtaa wa pili tu kutoka kwa wakala huyo, aliniuzia chupa sita za kujaribia kwa shilingi 6,500 kila moja, akisema mzigo wake unatoka Dubai moja kwa moja. Chupa inafanana na ya wakala, harufu inakaribiana sana, na hata namba iliyo chini ya msimbo pau ni ileile. Kinachonitia shaka ni kwamba chupa zote sita zina namba moja ya toleo, ilhali katoni niliyopewa ina namba nyingine kabisa. Nimeiingiza namba ya kwenye chupa katika tovuti moja ya kukagua tarehe, nayo ikajibu kwamba bidhaa bado iko ndani ya muda wake. Ameniahidi dazeni 10 kwa bei hiyohiyo. Nichukue au niachane nazo?

Kijana_wa_Buguruni:
Dada, usijisumbue sana. Tazama tarakimu tatu za mwanzo za msimbo pau. Zikiwa kati ya 690 na 699 hiyo ni ya Uchina, achana nayo. Zikiwa kati ya 400 na 440 ni ya Ujerumani, chukua mzigo.

MzeeWaGhala:
Kijana, umepatia kwamba tarakimu hizo ni za nchi, ila hazisemi mahali chupa ilipojazwa. Zinaonyesha tu kampuni ilisajili namba zake katika nchi gani, na kampuni ya Ulaya inaweza kutengeneza bidhaa popote na kubaki na namba yake ya nyumbani. Zaidi ya hapo, anayeiga chupa huiga na msimbo pau wake, kwa hiyo namba sahihi juu ya bidhaa bandia si jambo la ajabu. Tovuti ya kukagua tarehe nayo haikuoni wewe wala chupa yako. Inachofanya ni kusoma herufi na tarakimu kwa utaratibu wa kampuni husika na kukutajia tarehe, basi. Namba iliyonakiliwa kutoka kwenye chupa halisi itapewa jibu zuri siku zote.

MamaDuka, chupa sita kuwa na namba moja ya toleo si kosa hata kidogo, kwa kuwa toleo moja huwa na maelfu ya chupa. Katoni kutofautiana na chupa ni dalili nzito zaidi, lakini bado si hukumu, kwa sababu wauzaji wa jumla hupanga chupa upya katika katoni yoyote iliyo wazi. Nakushauri uutazame uchapishaji wenyewe. Namba ya toleo hupigwa kiwandani chupa ikiwa inapita kwenye mkanda wa mashine, baada ya lebo kuwa tayari. Mara nyingi ni vidoa vidogo vya wino au mkwaruzo wa leza, na kwa kuwa chupa haisimami palepale kila mara, namba husogea kidogo: hii iko karibu na ukingo, ile imeinama kiasi. Mwigaji mara nyingi huichapa pamoja na lebo, nayo hukaa mahali palepale kwenye kila chupa, kwa mistari laini isiyo na vidoa. Panga chupa zako sita, uzipige picha kwa karibu, kisha ufanye vivyo hivyo kwa sita za wakala.

Binti_Nyali:
Mimi niko Mombasa na jambo hili limenigusa. Nilinunua krimu ya kung'arisha uso sokoni, ina boksi zuri na namba zote ziko sawa, lakini baada ya muda uso ulianza kuwasha na sasa kuna mabaka meusi kwenye mashavu. Kwenye karatasi yake ya maelekezo wameandika nisiiache iguse pete wala mkufu. Hapa kwetu bidhaa yenye alama ya KEBS unaweza kuituma namba yake ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM#, lakini hii yangu haina alama hiyo. Je, hii ni bandia?

MzeeWaGhala:
Binti, lako ni tofauti na la MamaDuka. Krimu inaweza kuwa halisi kabisa, imetoka kwa mwenye jina lake, na bado ikawa imepigwa marufuku. Onyo la kutogusa fedha na dhahabu ni dalili inayojulikana ya zebaki. Acha kuipaka leo, uende kwa daktari wa ngozi ukiwa nayo mkononi pamoja na boksi lake.

Mchuuzi_Msafiri:
Naomba niwatetee wauzaji kidogo, maana humu bei ya chini imeshageuzwa kuwa kosa la jinai. Nimewahi kuleta bidhaa halisi kutoka Dubai kwa bei iliyo chini ya ya wakala, kwa sababu wakala hubeba gharama za matangazo na mimi sizibebi. Mzigo uliobakiza miezi michache kuisha muda nao hushuka bei sana.

MzeeWaGhala:
Hayo ni kweli, na ndiyo maana bei hulinganishwa na ya jumla, si ya rafu za supamaketi. Punguzo la elfu moja au mbili ningelielewa. Hapa pengo ni shilingi 5,000 kwenye 11,500, na mzigo unadaiwa kuwa na muda mrefu uliobaki. Nafuu hiyo imetoka wapi? MamaDuka, lebo ina maandishi ya Kiarabu?

MamaDuka_Moro:
Hakuna neno hata moja la Kiarabu, ni Kiingereza na Kifaransa tu. Picha nimepiga. Kwenye chupa za wakala namba ni ya vidoa, na imesogea kwa karibu nusu sentimita kati ya chupa moja na nyingine. Kwenye zangu sita imekaa mahali pamoja, na tarakimu 8 imekatika mguu wa kushoto kwenye zote.

Mchuuzi_Msafiri:
Kukosa Kiarabu hakutoshi kumhukumu, kwa sababu mzigo mwingi hupita bandari ya Jebel Ali, Dubai, bila kukusudiwa soko la kule. Ila hilo la tarakimu 8 sina la kulitetea.

MzeeWaGhala:
Mimi nitalitetea kidogo: tundu la wino likiziba, kasoro moja hujirudia kwenye chupa nyingi halisi. Lakini kasoro ileile, mahali palepale, kwa mistari isiyo na vidoa, hiyo ni picha iliyonakiliwa. Sitachukua dazeni hizo. Kabla ya kurudi kwake, mpelekee wakala picha na namba ya toleo, kwa kuwa yeye anaweza kumwuliza mtengenezaji kama toleo hilo lilikuja kwa chupa ya mililita 400. Na mwombe muuzaji risiti ya EFD yenye jina la bidhaa.

MamaDuka_Moro:
Risiti alinipa, ila imeandikwa "bidhaa mchanganyiko". Hizi sita nizipeleke TBS, ambako vipodozi vilihamishiwa kutoka TFDA mwaka 2019, au Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo hushughulikia bidhaa bandia?

Mchuuzi_Msafiri:
Bandia ni Tume. Ukitaka kujua kilichomo ndani, TBS.

MzeeWaGhala:
Mimi ningeanza TBS, kwa sababu kilichomo ndani ndicho kinachopakwa mwilini. Chupa moja ibaki kwako bila kufunguliwa.