Kinu cha sombe, Bukavu: nibaki na N*r au nikusanye kosa?

Fundi_Kadutu
Wakubwa, naomba ushauri. Nina kinu cha sombe chenye moteri ya batri, volti 24. Modeli niliyopima ni `x' = -2x + 20u`, x ikiwa kasi kwa radiani kwa sekunde na u volti za moteri. Lengo r ni 100, nami natumia `u = -K*x + N*r`, K ikiwa 0.3 na N 0.4. Asubuhi kasi inakaa 100 barabara. Jioni batri zikifika volti 18, inakaa 92 na haipandi tena.

Himbi_Elektro
Ongeza K tu, ndugu. K 1.5 na N 1.6, kosa litabaki kama 2.

Mzee_Lushi
Hiyo 2 ni kweli, Himbi, lakini kinu kikianza kutoka sifuri unaomba 1.6 × 100, yaani volti 160 kwenye batri za 24! Tena hiyo 2 haitaisha. N ilihesabiwa kwa 20, na batri ikishuka robo, 20 inakuwa 15.

Kadutu, ongeza hali ya pili inayokusanya kosa: `z' = r - x`, halafu `u = -K*x + Ki*z`. Mlinganyo wa mizizi unakuwa `s² + (2+20K)s + 20Ki`. Ukitaka mizizi yote miwili iwe -4, K ni 0.3 ileile na Ki ni 0.8. Sasa weka 15 mahali pa 20: `s² + 6.5s + 12`, bado unatulia. Na mfumo ukitulia z haisogei, kwa hiyo r na x zimelingana, batri iwe imechoka au la.

MamaSolari_Goma
Si hii ni PI ya kawaida? Variata ya pampu yangu inayo.

Mzee_Lushi
Kwa hali moja, karibu ndiyo mama. Ila hapa K inaangalia x peke yake, si kosa, ndiyo maana volti hairuki ukibadilisha lengo.

Fundi_Kadutu
Nimejaribu, 100 hata jioni! Lakini leo kijiti kilikwamisha kisu sekunde kumi. Nilipokitoa, moteri ililia na sombe ikapanda ukutani.

Mzee_Lushi
Kisu kikisimama, z inaongezeka 100 kila sekunde. Kazi ya kawaida inahitaji 50 tu, wewe ulifika zaidi ya 1000. Izuie isikusanye volti zikigota, T ikiwa muda wa kila mzunguko wa programu:

```
u = -K*x + Ki*z
if 0 <= u <= 24:
    z = z + (r - x)*T
```

Himbi_Elektro
Na nikirudisha ile N juu ya z, ili kianze haraka?

Mzee_Lushi
Kwa 0.4, kwenye hesabu isiyo na kikomo cha volti, kasi inapita hadi 113.5.

Himbi_Elektro
Nimepiga kwa 0.2: haipiti hata kidogo, na inaanza na volti 20.

Mzee_Lushi
Hapo umenishika, mzizi mmoja umefutika. Lakini hiyo ni kwa batri iliyojaa. Kadutu, pima jioni utuambie.

Fundi_Kadutu
Nikimaliza kuosha ukuta.