Halmashauri ikifuta chapisho, kumbukumbu inabaki wapi?

Swali: Ukurasa wa halmashauri uliweka tangazo la mbolea ya ruzuku. Tarehe ikabadilika, chapisho likafutwa pamoja na maoni yote. Wana haki hiyo?

Mzee wa Uyole: Ukurasa ni wao. Tangazo lenye tarehe mbovu likiachwa litapotosha watu. Halafu wakulima wa Igurusi nao wanasoma Facebook? Wao ni spika ya gari tu.

Mpunga Mweupe: Ebo! Igurusi hatuna simu? Bei ya mchele tunaijua kabla madalali wa Mwanjelwa hawajaamka. Omba radhi.

Mzee wa Uyole: Nimesema spika, sijasema hamna simu.

Karani wa Masijala: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 haibagui karatasi na skrini. Taarifa ikizaliwa katika kazi ya ofisi ya umma, ni kumbukumbu. Kuiondoa hadharani sawa, lakini kuiteketeza bila idhini ya Idara ya Nyaraka ni kosa. Kabla ya kuondoa, afisa anakili maandishi, picha halisi, kiungo, tarehe na saa, na maoni yote. Kisha anaandika dokezo: nani kaondoa, lini, kwa nini. Vyote vinaingia jalada la mbolea. Uzito uko kwenye majibu ya maoni: afisa akimwandikia mtu "njoo Jumatatu uchukue DAP", ofisi ndiyo imesema. Mtu kapanda gari kwa neno hilo.

Mama Parachichi: Na katibu wa kikundi chetu Rungwe anayefuta ujumbe WhatsApp, tumshitaki?

Karani wa Masijala: Kikundi binafsi si ofisi ya umma, mama. Someni katiba yenu.

Kijana wa Soweto: Mnazunguka bure. Piga skrinishoti, ushahidi upo.

Karani wa Masijala: Nusu tu, kijana. Inaweza kuonyesha "saa 3" bila tarehe, kiungo hakuna, na maoni yaliyokunjwa hayaonekani. Piga, lakini nakili na kiungo. Tena wahi: chapisho lililofutwa hukaa kwenye `Trash` ya ukurasa siku 30, kisha linapotea. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo inaipa ofisi hadi siku 30 kujibu ombi lako. Ukiandika siku ya 10, jibu linaweza kuja siku ya 40, wakati kapu tupu. Kwa hiyo barua iseme wazi: linakiliwe sasa, jibu litafuata.

Mzee wa Uyole: Na nani atakagua kama kweli limenakiliwa? Wakikujibu "halipo", utafanyaje?

Karani wa Masijala: Uliza dokezo la kuliondoa. Likikosekana nalo, una hoja ya pili.

Mpunga Mweupe: Mzee, bado nasubiri radhi ya Igurusi.