Picha za risiti za EFD zilizopinda au zenye ukungu: mnazisomaje?

Karani_wa_Saiti: Habari wakuu. Mafundi wananitumia picha za risiti za EFD kwa WhatsApp, nyingi zimepinda, nyingine zina ukungu. Nataka jina la duka, bidhaa na jumla viingie Excel. Google Lens inasoma majina vizuri, ila nikinakili, bidhaa zinakaa kivyake na bei kivyake. Tesseract inaweka mistari sawa lakini inakosea tarakimu. Nyie mnatumia ipi?

Kipanga: Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe tupu, halafu iongezee ukali. Basi.

Dada_Hesabu: Kipanga, hiyo inafaa pale mwanga ulipoenea sawasawa. Kivuli cha mkono kikiangukia upande mmoja, upande huo wote unageuka mweusi. Na ukali haurudishi kilichopotea: 3 iliyofumbika itatoka kama 8 safi kabisa, nawe utaiamini.

Karani, waambie mafundi watume picha kama "Document", maana WhatsApp hubana picha za kawaida. Kisha nyoosha kwa kushika pembe nne za karatasi, ndipo uisomeshe:

```
tesseract risiti.png matokeo --psm 4
```

Hiyo 4 inaichukua risiti kama safu moja, kwa hiyo bidhaa na bei hubaki mstari mmoja.

Baada ya hapo piga hesabu. Juzi nilipata saruji mifuko 6 kwa 17,000 na rangi 75,000, programu ikasoma jumla 171,000. Ukijumlisha mistari unapata 177,000. TOTAL EXCL OF TAX ilikuwa 150,000, na VAT ya 18% ni 27,000, jumla 177,000 tena. Ni 7 iliyosomwa 1. Zisipokubaliana, usirekebishe kwa kukisia, omba picha nyingine.

Baba_Duka: Mimi risiti zangu ni za kitabu, za kuandika kwa mkono. Hii itasoma?

Dada_Hesabu: Hapana baba, Tesseract imefundishwa maandishi ya chapa. Mwandiko wa mkono Lens inajitahidi, ila kiasi kihakiki mwenyewe.

mwanaTanga: Mbona mnahangaika? Skani QR iliyo chini ya risiti. Inafungua ukurasa wa TRA wenye jina la muuzaji, bidhaa na jumla. QR hustahimili kupinda kuliko herufi. Ikigoma, ingia verify.tra.go.tz, andika namba ya uhakiki na saa iliyochapwa kwenye risiti.

Karani_wa_Saiti: Asante sana kaka, nimejaribu na nyingi zimefunguka! Ila kuna chache ukurasa unasema hazipo, na picha yenyewe naiona vizuri.

mwanaTanga: Huenda mashine ilikuwa haijatuma taarifa bado, jaribu tena kesho. Zikiendelea kugoma, kagua namba herufi kwa herufi: O na 0 huchanganywa sana.

Dada_Hesabu: Na zile ambazo jina la mteja limekatwa katikati, je? Kampuni mbili zinaanza na neno lilelile, na mimi bado sijapata njia zaidi ya kulinganisha TIN.