Gripu ya fohendi: istani, semi-westani au westani? Nina wiki sita za kuamua

Mpira wa Pili
Wakuu salaam. Ligi ya klabu yetu ya tenisi inaanza baada ya wiki sita, na nataka nimalize hili jambo la gripu kabla haijaanza. Kwa sasa fohendi napiga kwa istani. Kocha mmoja kaniambia nihamie westani moja kwa moja. Mwenzangu ninayefanya naye mazoezi anasema semi-westani inatosha. Mimi shida yangu ni kupata topspini zaidi. Nichukue ipi?

Chuma cha Wavu
Westani, hakuna mjadala. Gripu ndiyo inayotengeneza topspini. Mwangalie Nadal, westani kabisa, mpira ukidunda unampanda mpinzani hadi masikioni. Istani ni ya enzi za raketi za mbao.

Utepe Mweupe
Mimi nimejaribu nyingi, nikaishia kwenye ile nyembamba yenye vitundu. Inanyonya jasho na haitelezi. Zile nene zinazonata huchakaa upesi.

Mpira wa Pili
Mkuu Utepe, nauliza namna ya kushika, si ule utepe wa kuzungushia mpini 😅

Mama Voli
Kijana, swali lako halijakamilika. Unapiga kwa mkono gani? Unacheza kwenye udongo au sakafu ngumu? Mpira unaokushinda ni wa juu au wa chini, na ukikosea unaishia wavuni au unatoka nje? Bekihendi ni ya mkono mmoja au miwili? Halafu hiyo istani yako umeihakikisha? Wengi wanaojiita istani ukiwatazama mikono yao iko kwenye kontinenta.

Mpira wa Pili
Shikamoo Mama Voli. Mkono wa kulia, sakafu ngumu, bekihendi mikono miwili. Mipira ya kiunoni sina shida nayo, naipiga bapa na inaenda. Kuna jamaa mmoja anaangusha mipira mirefu yenye topspini kwenye fohendi yangu, inanifikia begani. Hapo ninapopiga inatoka nje kwa hatua moja au mbili, tena mfululizo. Na huyo ndiye nitakayekutana naye mechi ya kwanza. Hakika ya istani ni kwamba niliambiwa ni istani.

Mama Voli
Marahaba. Sasa tuna la kuzungumza.

Anza kwa kuhesabu. Simamisha raketi kwa ukingo wake, kama unataka kupigilia msumari, kisha ugeuze kitako cha mpini kikutazame. Mpini una bapa nane. Ule wa juu kabisa ni wa 1, na kwa mkono wa kulia unahesabu kama mshale wa saa unavyokwenda. Angalia kifundo cha shina la kidole cha shahada kimelala wapi. Kwenye 2 ni kontinenta, 3 ni istani, 4 ni semi-westani, na 5, ambao uko chini kabisa, ni westani.

La pili, ambalo sikubaliani na Chuma. Gripu haizungushi mpira. Nyuzi zinapogusa mpira, uso wa raketi unakuwa karibu wima, umeinama mbele kidogo tu, na hiyo ni kweli kwa gripu zote tatu. Topspini inatoka kwenye raketi kupanda kutoka chini ya mpira kwenda juu huku uso ukiwa hivyo. Gripu inaamua kitu kingine: ni kwa kimo gani, na mbele ya mwili kwa umbali gani, mkono wako unaweza kuuweka uso wima bila kujikunja.

Usiniamini mimi, nenda ukutani. Shika istani, bandika nyuzi zote ukutani kwenye kimo cha kiuno. Utaona mkono umetulia. Sasa panda hadi begani bila kubadilisha gripu. Kiganja kitaanza kulala nyuma na nyuzi zitataka kutazama juu. Huo ndio mpira wako unaotoka nje. Rudia kwa westani: begani mkono umetulia, lakini lazima usimame nyuma zaidi ili ukuta uwe mbele yako sana. Kisha shuka hadi gotini uone kiwiko kinavyoteseka. Semi-westani iko raha kati ya kiuno na kifua, na begani inavumilika.

Chuma cha Wavu
Sawa Mama, lakini westani uso umeshajifunga wenyewe, kwa hiyo unalazimika kupanda. Ukipanda, topspini ipo. Kwa hiyo gripu inatengeneza topspini. Na Nadal je?

Mama Voli
Hapo nusu umesema kweli. Westani inakulazimisha kupanda, ndiyo maana anayeitumia hupata topspini nyingi hata asipoitafuta, na kupiga bapa kunamshinda. Istani haikulazimishi kitu: ukipiga moja kwa moja mpira unakwenda bapa na kwa kasi, ukipanda unapata topspini ya wastani.

Ila Nadal alikuwa semi-westani. Katika vipimo vya video vinavyotajwa sana, fohendi yake ilikuwa na wastani wa mizunguko kama 3200 kwa dakika, wakati Sampras na Agassi walikuwa kwenye 1900 hivi. Wapo waliogeuza mkono kumpita Nadal na hawamkaribii. Alivyokuwa akiupandisha ule mkono hadi unamalizikia juu ya kichwa, hilo halitoki kwenye ubapa.

Chuma cha Wavu
Kwenye picha nilizoona mimi ni westani.

Shoto
Naomba niingie na msiba wangu, maana hizo namba za bapa zilinitesa.

Mimi ni wa kushoto. Nilisoma mahali kwamba semi-westani ni ubapa wa 4, nikahesabu kama saa, moja, mbili, tatu, nne, nikashika. Miezi mitatu nzima! Kila mpira ulikuwa unazama chini ya wavu. Nikajilaumu kwamba sipandishi raketi vya kutosha, nikawa napandisha kama mtu anayefungua dirisha lililokwama. Baadhi ikaanza kuvuka, lakini inadondoka katikati ya kisanduku cha sevu, inazunguka tu haina uzito, na mpinzani anaisubiri kwa raha. Kisha kifundo cha mkono kikaanza kuuma upande wa kidole kidogo, mwanzo nikiwa napiga, baadaye hata nikizungusha kitasa cha mlango.

Siku moja mchezaji mwingine wa kushoto akanishika mkono, akaugeuza, akacheka. Sisi tunahesabu kinyume cha saa. Semi-westani ya kushoto, ukihesabu kama saa, iko kwenye 6. Ile 4 niliyoshika ilikuwa imeshapita hata westani. Nilipumzika wiki tano kabla maumivu hayajaisha, na mpaka leo nikipiga mipira mingi ya juu kifundo kinanikumbusha.

Mama Voli
Pole sana, Shoto. Hiyo uliyoshika ipo na ina wenyewe. Berasategui aliicheza hadi fainali ya Roland Garros mwaka 1994, na alikuwa akipiga fohendi na bekihendi kwa upande uleule wa raketi. Lakini ule ulikuwa udongo, mpira unaruka juu, na mikono ilikuwa yake.

Miguu Kwanza
Jamani, huyu kijana hana shida ya gripu. Mpira unamfika begani kwa sababu anasimama palepale anausubiri. Arudi hatua mbili aupige ukishuka kiunoni, au aingie aupige unapoanza kupanda. Del Potro alikuwa istani na hakuna aliyemwambia abadilishe.

Mpira wa Pili
Del Potro ana karibu mita mbili, mkuu. Begani kwangu ni kiunoni kwake.

Miguu Kwanza
😂 Haya. Lakini miguu bado.

Mpira wa Pili
Nimeenda ukutani. Kwanza niko kwenye istani kweli, ubapa wa 3. Kiunoni poa. Begani nyuzi zinaachana na ukuta upande wa chini, zinatazama juu, kama alivyosema Mama. Westani nilihisi natengenezwa mkono mpya. Semi-westani begani ilikaa vizuri, ila gotini nilibidi nichuchumae. Basi nihamie 4?

Mama Voli
Kwa wiki sita ningekuambia usiruke ubapa mzima. Ubapa mmoja ni kama digrii 45. Ukigeuza kiasi hicho na ukapiga kwa mkono uleule, pale pale ulipozoea kuupatia mpira, uso utakuwa umejifunga na utapiga wavu siku nzima. Weka kifundo kwenye ule ukingo kati ya 3 na 4. Federer alikuwa maeneo hayo, istani iliyosogea kidogo.

Simama kwenye mstari wa sevu, mtu akurushie kwa mkono mipira ya kifuani, 20 kwa mara. Ikiingia wavuni, usikimbilie kupandisha raketi. Mara nyingi umeuchelewa mpira, upatie mbele zaidi kwa kiganja kimoja hivi. Ikivuka lakini ikawa mifupi na laini kama ya Shoto, basi unaukwangua, sukuma mbele kabla ya kupanda. Ikitoka nje bado, mkono umerudi istani bila wewe kujua, na hilo litatokea hasa ukiwa umechoka.

Westani iache. Kwenye sakafu ngumu watakupigia slaisi za chini utaitafuta ardhi. Na kutoka 5 kwenda kontinenta kwa voli ni bapa tatu. Sevu ya kasi haikusubiri.

Chuma cha Wavu
Wanaozoea wanageuza haraka tu. Kocha wake amemwona akicheza, sisi hatujamwona.

Mama Voli
Hilo ni kweli, hatujamwona. Amuulize kocha kwa nini alisema westani. Labda ameona kitu.

Shoto
Au kocha ana maana ya semi. Wapo wanaoita zote westani.

Miguu Kwanza
Mimi ningehamia 4 kamili leo na kukubali kupoteza mechi mbili za kwanza. Nusu nusu hizi mtu hujikuta kila siku ameshika pengine.

Mpira wa Pili
Ndicho kilichonitokea leo. Nimejaribu ule ukingo, mipira minane ya kwanza ilikuwa safi, kisha kila mmoja unakwenda kwake. Nikitazama mkono, mara uko 3, mara umepita 4. Siusikii ule ukingo kabisa, mpini wote naona kama mviringo.

Utepe Mweupe
Umezungushia tepe ngapi?

Mpira wa Pili
Tatu. Mpini ulikuwa mwembamba, nikawa naongeza juu ya ile ya zamani.

Utepe Mweupe
Ndiyo hapo. Tepe zikirundikana kingo zinafifia, utasikiaje ubapa? Toa zote, weka moja nyembamba. Yenye vitundu.

Mpira wa Pili
Natoa kesho asubuhi. Kocha bado hajajibu.

Chuma cha Wavu
Atajibu westani.