Kumpokelea mama pensheni: hawezi kutoka kitandani, mfuko umesimamisha malipo

Kutoka: Mwanahamisi, Reading

Asalaam aleikum na habarini nyote. Naomba mnisomee hii barua kabla sijaituma. Mama alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umelala wote, hatoki kitandani na kalamu haishiki, maneno yanatoka kwa shida lakini akili iko sawasawa kabisa, anajua leo ni siku gani na anajua nani hajamalizia zamu yake ya upatu. Kafanya kazi miaka mingi kwenye jiko la shule za halmashauri huku Uingereza kwa hiyo ana pensheni mbili, ile ya serikali na hii ndogo ya mfuko wa kazini. Tulivyomhamishia kwangu barua za mfuko zikawa zinaenda kule alikokuwa amepanga, zikarudishwa, basi mfuko ukasimamisha malipo. Nikipiga simu wananambia hawawezi kuongea na mimi, mpaka mwenyewe. Na kadi yake ya benki imeisha muda, mpya imetumwa kule kule kwa zamani. Yaani hela yake ipo na hawezi kuigusa, na pampasi nanunua kila wiki.

Barua yenyewe nimeandika hivi, ya Kiingereza ntaitoa humu humu:

"Kwa mhusika. Mimi ni binti wa mwanachama wenu. Mama yangu ni mgonjwa wa kitandani, hawezi kusaini wala kufika benki. Naomba kuanzia mwezi huu pensheni yake iingizwe kwenye akaunti yangu, kwani mimi ndiye ninayemtunza na ndiye ndugu yake wa karibu. Naambatisha barua ya daktari. Natanguliza shukrani."

Inatosha?

Kutoka: Salum, Coventry

Pole sana dada na mpe mama pole zetu. Hiyo barua peke yake watairudisha, wanataka pawa ov atoni, ile hati ya kukuruhusu kusimama badala ya mama. Ila usiogope gharama, kuna ile ya kawaida ya ukurasa mmoja, mama anasaini mbele ya shahidi na siku hiyo hiyo inafanya kazi, hakuna kuisajili popote. Mimi nilitumia ya shangazi alipokwenda Mombasa miezi sita na benki waliikubali. Fanya hiyo yaishe.

Kutoka: Mbwana, Slough

Na mimi niulizie hapo hapo, baba yangu yuko Tanga ni mwalimu mstaafu, kila uhakiki wa wastaafu ukifika ni kumbeba kwenye bajaji na mgongo wake ule. Mdogo wangu akapata barua ya serikali ya mtaa ikigongwa muhuri kwamba mzee yu hai na ni mgonjwa, ikasaidia. Dada Mwanahamisi si uombe barua kama hiyo kwa diwani wa hapo Reading?

Kutoka: Da Zuhura, Leicester

Mwanangu Mwanahamisi, pole. Nimefanya kazi ya kuwasemea wazee kwenye ofisi za huku mpaka nimestaafu mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni nitaandika ndefu.

Kwanza Mbwana baba, barua ya diwani inaweza kusema mtu anaishi wapi basi, haimpi binti ruhusa yoyote juu ya hela. Ya Tanga ni mambo ya Tanga na mfuko wa kule.

Mwanahamisi, tatizo la barua yako ni kitu unachokiomba. Unaomba hela ya mama iingie akaunti yako. Mfuko wa kazini hapo ndo unashtuka, maana wizi wa hela za wazee huku mara nyingi unaanza na barua ya namna hiyo hiyo, ya mtoto, na ya daktari imeambatishwa. Na "ndugu wa karibu" kwa sheria ya England haikupi mamlaka ya hela hata senti moja, watu wengi wetu hawaamini mpaka wafike dirishani. Pensheni iachie iingie kwenye akaunti yenye jina la mama, wewe omba uruhusiwe kusimama badala yake: kuongea nao, kubadilisha anwani, kupokea barua. Halafu akaunti yenyewe unaiendesha kwa ruhusa hiyo hiyo benki.

Sasa zitenganishe hizi hela, maana milango ni tofauti. Ya serikali iko DWP, wizara ya kazi na pensheni ya huku, na kule huhitaji hati ya mwanasheria. Unawapigia watu wa pensheni unawaambia unataka kuwa mwakilishi wake, fomu yao inaitwa BF56, wanamtuma mtu nyumbani kumuona mama na kukuona wewe, hawatozi kitu. Si lazima mtu awe amepoteza akili, ulemavu mzito unatosha. Wakikukubali hiyo hela ya serikali hata kwenye akaunti yako inaweza kuingia. Lakini ukaratasi huo unaishia kwa DWP tu. Ukiupeleka kwenye mfuko wa kazini au benki watakuambia hautuhusu, na hawajakosea.

Kwa mfuko na benki unachotaka ni hati ya uwakilishi ya kudumu, LPA, ile ya mali na fedha, fomu LP1F, inasajiliwa OPG, ofisi ya serikali inayosimamia hati hizi. Salum kasema kweli nusu. Ile ya kawaida ipo na ni halali, na kwa shangazi yake mzima aliyesafiri ilifaa. Lakini inakufa siku mwenyewe akipoteza uwezo wa kuamua, na mtu wa kiharusi kimoja anaweza kupata cha pili, Mungu aepushe. Siku hiyo Mwanahamisi atabaki na karatasi tupu na njia itakuwa mahakamani, muda mrefu na hela nyingi kuliko LPA. Kwa hiyo itumie kama daraja ukipenda huku LPA inasajiliwa, usiishie hapo. LPA inachukua wiki nyingi, humo ndani wiki nne ni za kisheria za kusubiri kama kuna mwenye pingamizi. Ada ni paundi 92 tangu Novemba 2025, na mama akiwa na kipato kidogo uliza punguzo au msamaha kabla hujalipa.

Kutoka: Salum, Coventry

Da Zuhura shikamoo, asante, hiyo ya kufa sikuijua. Ila mama mwenyewe hawezi kusaini, sasa hiyo LPA ataisaini vipi? Si ndo mwisho wa habari?

Kutoka: Da Zuhura, Leicester

Marahaba. Hapana, na hapa ndo wengi wanakata tamaa bure. Akiweza kuweka alama yoyote kwa mkono wa kushoto, au dole gumba, ni saini. Asipoweza kabisa kuna karatasi ya nyongeza namba 3, mtu mwingine anasaini kwa niaba yake, mama akiwepo na akiwa ameagiza mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili. Wewe Mwanahamisi ndiye utakayekuwa mwakilishi kwa hiyo usiwe shahidi wa mama, na wa kusaini kwa niaba yake tafuta mwingine.

Halafu kuna mtu wa kuthibitisha kwamba mama anaelewa na halazimishwi. Awe anamjua mama vizuri miaka miwili au zaidi, au awe mtaalamu kama daktari. Asiwe ndugu. Huyu akae na mama peke yao, wewe uwe jikoni. Na kama mama anaongea Kiswahili tu, mkalimani asiwe wewe, maana hapo uthibitisho wote unatiliwa shaka. Maneno yakiwa mazito anaweza kujibu kwa kukubali kichwa, kubana mkono, kuonyesha kadi. Sheria ya huku ya 2005 haisemi mtu aongee vizuri, inasema aelewe, akumbuke kwa muda wa kuamua, apime, na awasilishe uamuzi kwa njia yoyote.

Fomu nyingi zinarudi kwa sababu ya tarehe. Mama kwanza, kisha mthibitishaji, kisha wewe, mwisho maombi ya kusajili. Mthibitishaji akisaini jana na mama leo, hati nzima inarudi na mnaanza upya.

Kutoka: Bi Rehema, Milton Keynes

Mwanahamisi na ile posho ya wazee wanaohitaji kuhudumiwa umeomba? Mtu wa kitandani anastahili kabisa. Na wewe posho ya mlezi?

Kutoka: Da Zuhura, Leicester

Bi Rehema swali zuri ingawa ni jingine. Hiyo ya wazee ni ya DWP, kwa hiyo akishakuwa mwakilishi wake kule anaweza kumuombea.

Mwanahamisi, barua ya mfuko iandike hivi, badili pale panapohusu:

"Naandika kuhusu mwanachama wenu, mama yangu, namba ya pensheni na tarehe ya kuzaliwa ziko hapo juu. Malipo yake yamesimama baada ya barua zenu kurudishwa kutoka anwani ya zamani. Sasa anaishi kwangu, naambatisha uthibitisho wa anwani na barua ya daktari kwamba ni mgonjwa wa kitandani na hawezi kuandika. Ana uwezo wa kuamua mambo yake. Siombi malipo yaje kwangu. Naomba yaendelee kwenye akaunti yake. Tunaandaa hati ya uwakilishi ya kudumu na tutawatumia ikisajiliwa. Kwa sasa naomba mambo matatu: mpige simu siku tutakayokubaliana, mama akiwepo na mkalimani wenu, atoe idhini yeye mwenyewe muweze kuongea na mimi, mnitumie fomu yenu ya kuidhinisha mwakilishi, na mtuambie kwa maandishi mnahitaji nini ili malipo yarudi pamoja na malimbikizo tangu yaliposimama."

Hilo neno malimbikizo lisikosekane. Pensheni iliyosimamishwa kwa sababu ya anwani haijapotea ila usipoidai kwa maandishi wanaweza kuanza na mwezi huu kimyakimya.

Kutoka: Mwanahamisi, Reading

Da Zuhura Mungu akulipe. Nawapa mrejesho kwa sababu najua kuna wengine wanasoma tu.

Barua imeenda na mfuko wamepiga. Mkalimani alikuwa wa kwao kwenye simu, mama akajibu tarehe ya kuzaliwa na shule aliyopikia mwisho, ilichukua muda maana aliambiwa arudie, lakini idhini kaitoa kwa mdomo wake. Anwani wamebadilisha. Malimbikizo wanasema "tunaangalia", sijapata maandishi.

DWP mtu wao anakuja wiki ijayo. Daktari wetu kakataa kuthibitisha LPA, anasema hawafanyi hiyo kazi, sasa nimempata mama mmoja waliyepika naye miaka yote pale shuleni, Mkenya, Kiswahili anajua kwa hiyo mkalimani hatuhitaji. Kakubali.

Kilichobaki ni benki. Wanataka mama afike tawini na kitambulisho ndo watoe kadi kwa anwani mpya, nimewaambia hatoki kitandani, wakasema wataangalia kama wanaweza kumtuma mtu nyumbani. Kuna yeyote ambaye benki yake ilituma mtu kweli? Na kaka yangu yuko Tanga anataka naye awekwe kwenye LPA, tuweke wote wawili au mimi peke yangu?

Kutoka: Da Zuhura, Leicester

Mkiwekwa wawili, chagueni kila mmoja aweze kutenda peke yake. Mkichagua wote pamoja kila jambo litahitaji saini yake kutoka Tanga, na mmoja wenu akifariki au kujitoa hati inaweza kuvunjika. Wengine hapa watakwambia ndugu asiwekwe kabisa, mimi sikubaliani nao, ila mwamuzi ni mama, muulize yeye.

Kutoka: Salum, Coventry

Benki yetu ilituma mtu kwa baba mkwe, lakini tuliandika malalamiko rasmi kwanza. Omba jina la mtu wa wateja wenye mahitaji maalum, usiongee na wa dirishani.